Ubora wa Protini ya Nafaka na ya Jamii ya Kunde: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafaka ina protini. Kwa nini basi husemwa kwamba protini yake ni duni?

Kwa sababu wingi wa protini ni jambo moja na ubora wake ni jambo jingine. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 9 za protini, na mtu anayekula unga mwingi kwa siku anaweza kufikisha gramu zinazoonekana kumtosha. Protini hiyo, hata hivyo, ikishameng'enywa tumboni huvunjika kuwa asidi amino, na ni hizo asidi amino, wala si protini yenyewe, ambazo mwili hutumia kujenga misuli, damu, ngozi na vimeng'enya. Asidi amino tisa kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, hivyo lazima zitoke kwenye chakula. Protini huitwa bora pale inapozileta zote tisa kwa uwiano unaokaribia mahitaji ya mwili, na huitwa duni pale mojawapo inapokuwa chache mno.

Katika nafaka zote zinazoliwa kwa wingi, iliyo chache ni ileile: laisini. Sababu yake imo ndani ya punje. Mmea huweka akiba ya nitrojeni kwa ajili ya chipukizi, na akiba hiyo huwekwa katika protini za aina maalumu. Katika mahindi protini kuu ya akiba huitwa zeini, nayo karibu haina laisini kabisa. Kiini cha punje kina protini nzuri zaidi, lakini kiini ni sehemu ndogo, na mara nyingi huondolewa unga unapokobolewa.

Laisini ikipungua, je, asidi amino nyingine haziwezi kufidia?

Haziwezi. Chembe hai inapojenga protini hufuata mpangilio uliokwisha kuwekwa, mfano wa mtu anayetunga shanga kwa ruwaza ambayo hana ruhusa ya kuibadilisha. Ruwaza ikitaka shanga nyekundu baada ya kila tano, na nyekundu zikaisha, kazi husimama hata kama bado ana kapu zima la nyeupe na za buluu. Tofauti ni kwamba mtunga shanga anaweza kuzihifadhi zilizobaki hadi mwezi ujao, ilhali mwili hauna ghala la asidi amino zilizozidi. Hizo huchomwa kuwa nishati, na nitrojeni yake hutoka kwenye mkojo ikiwa urea.

Ndiyo maana wataalamu hupima protini kwa kuangalia ile asidi amino moja iliyo haba kuliko nyingine zote ikilinganishwa na mahitaji. Kwa mujibu wa viwango vilivyochapishwa mwaka 2013 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), protini inayomfaa mtu mzima au mtoto mkubwa inapaswa kuwa na miligramu 48 za laisini katika kila gramu moja. Protini ya mahindi ina takriban 28. Ukigawanya 28 kwa 48 unapata asilimia 58, na hiyo ndiyo alama ya mahindi kabla hatujagusa suala la umeng'enyaji. Wingi wa asidi amino nyingine nane hauipandishi alama hiyo hata kidogo.

Jamii ya kunde nazo zina upungufu gani?

Maharage, kunde, choroko, dengu na mbaazi zina laisini tele. Protini ya maharage ina takriban miligramu 68 kwa gramu, yaani 20 zaidi ya kiwango. Zinachopungukiwa ni asidi amino zenye salfa, methionini na sisteini, ambazo huhesabiwa pamoja kwa kuwa mwili unaweza kutengeneza sisteini kutokana na methionini. Hapa ndipo nafaka ina ziada: mahindi yana takriban miligramu 38 za asidi amino hizo zenye salfa kwa gramu ya protini, maharage yana takriban 25.

Inafaa kusahihisha jambo moja ambalo maelezo mengi hulipita haraka. Kinachosemwa kwa kawaida ni kwamba nafaka na mikunde hufidiana sawia, kila upande ukitoa kile ambacho mwenzake hana. Kwa mtu mzima hali si hiyo hasa. Kiwango chake cha asidi amino zenye salfa ni miligramu 23 tu kwa gramu, na maharage kwenye karatasi tayari yamekivuka. Udhaifu wa maharage kwa mtu mzima uko zaidi katika umeng'enyaji, kwa kuwa karibu robo ya protini yake, au pungufu kidogo ya hapo, hupita tumboni bila kufyonzwa, na sehemu yenye salfa ndiyo hufyonzwa kwa shida zaidi. Kwa mtoto mdogo, ambaye kiwango chake ni 27, upungufu upo waziwazi. Kwa hiyo katika sahani ya mtu mzima msaada mkubwa hutoka kwenye maharage kwenda kwenye nafaka, na unaorudi ni mdogo zaidi.

Naomba hesabu. Kuvila pamoja kunaongeza kiasi gani hasa?

Tuchukue mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60. Kiwango salama cha protini kwake ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito, yaani karibu gramu 50 kwa siku, kwa sharti kwamba protini hiyo ni bora. Tuseme chakula chake kikuu cha siku ni gramu 400 za unga wa mahindi mkavu, bila kitu kingine chenye protini ya maana.

Gramu 400 za unga zinampa gramu 36 za protini. Takriban asilimia 85 yake humeng'enywa, na alama ya laisini, kama tulivyoona, ni asilimia 58. Ukizidisha 36 kwa 0.85 kisha kwa 0.58, unabaki na takriban gramu 18 za protini ambayo mwili unaweza kuijengea. Nusu ya alichokula imepotea: sehemu haikumeng'enywa, na nyingine imegeuka kuwa kuni.

Sasa tupunguze gramu 100 za unga na badala yake tuweke gramu 100 za maharage makavu. Nishati haibadiliki sana, maana vyakula hivi viwili vikiwa vikavu vinakaribiana kwa kilokalori. Unga uliobaki, gramu 300, una gramu 27 za protini, nayo maharage yanaleta gramu 22. Jumla ni 49.

Tazama daftari la laisini. Kila gramu ya protini ya mahindi inadaiwa miligramu 20 ili ifikie kiwango cha 48, hivyo gramu 27 zina deni la miligramu 540. Kila gramu ya protini ya maharage ina ziada ya miligramu 20, hivyo gramu 22 zinaleta 440. Deni lililobaki ni miligramu 100 tu, likigawanywa kwa gramu 49 zote. Mchanganyiko una takriban miligramu 46 za laisini kwa gramu ya protini, sawa na asilimia 96 ya kiwango. Umeng'enyaji wa mchanganyiko ni karibu asilimia 82, kati ya ule wa mahindi na ule wa maharage, ambao ni takriban 78. Ukizidisha 49 kwa 0.82 kisha kwa 0.96, unapata zaidi kidogo ya gramu 38.

Kutoka 18 hadi 38 kwa kubadilisha robo moja ya chakula. Mtu anaweza kusema kwamba hilo limetokea kwa sababu maharage yana protini nyingi, na kwa sehemu ni kweli. Lakini hebu tuvihesabu vitu hivi viwili kana kwamba vimeliwa na watu wawili tofauti: gramu 300 za unga peke yake zinatoa gramu 13 zinazotumika, na gramu 100 za maharage peke yake zinatoa 17. Jumla ni 30. Zile gramu 8 zilizobaki hazimo katika chakula chochote kati ya viwili hivyo. Zimetokana na kukutana kwao tu, laisini iliyokuwa ichomwe ikapata kazi.

Hesabu hii ni ya makadirio. Maharage ya mbegu mbalimbali hutofautiana, unga uliokobolewa si sawa na dona, na alama moja haiwezi kueleza yote yanayotokea tumboni. Mwelekeo wake, hata hivyo, haubadiliki.

Uwiano upi ulio bora?

Kwa mahindi na maharage, jibu ni lile ambalo daftari la hapo juu linalielekea: deni litafutika pale gramu za protini za pande mbili zitakapokuwa sawa, kwa kuwa deni la upande mmoja na ziada ya upande mwingine ni 20 kwa 20. Gramu 27 za protini ya maharage zinapatikana katika takriban gramu 123 za maharage makavu. Hivyo gramu 300 za unga kwa gramu 123 za maharage, ambayo ni kama sehemu 7 kwa 3 kwa uzito.

Jambo la kuvutia ni kwamba uwiano huohuo ulipatikana kwa njia tofauti kabisa. Ricardo Bressani na wenzake katika taasisi ya lishe ya INCAP nchini Gwatemala, kuanzia miaka ya 1960, waliwalisha panya wanaokua michanganyiko ya mahindi na maharage, kiasi cha protini kikiwa kilekile na uwiano tu ukibadilishwa. Ukuaji ulikuwa bora zaidi pale karibu nusu ya protini ilipotoka kila upande. Mahindi yalipozidi, laisini ilipungua. Maharage yalipozidi, methionini ndiyo iliyokwamisha. Panya huhitaji salfa nyingi kuliko binadamu, kwa hiyo upande wa pili wa matokeo yao usichukuliwe kama onyo kwa mtu mzima anayependa maharage.

Vipimo vyote hapa ni vya vyakula vikavu. Maharage yakiiva hunywa maji na uzito wake huzidi mara mbili, hivyo gramu 100 zilizopikwa ni chini ya nusu ya gramu 100 zilizozungumzwa hapa. Kosa hili ni la kawaida, na humfanya mtu aamini kuwa ametimiza uwiano ilhali ametimiza sehemu ndogo yake. Asiye na mizani anaweza kupima kwa kikombe kabla ya kupika: vikombe vitatu vya unga kwa kimoja cha maharage makavu vinatosha, na hata kuzidi kidogo, kwa kuwa kikombe cha maharage ni kizito kuliko cha unga.

Je, uwiano huo unafaa kwa mchele, ngano na mtama pia?

Kila nafaka ina deni lake. Mchele una protini kidogo, takriban gramu 7 kwa 100, lakini laisini yake ni afadhali, karibu miligramu 36 kwa gramu. Gramu 300 za mchele zina deni la miligramu 250 hivi tu, ambalo gramu 60 za maharage makavu zinalimaliza. Mtama uko upande wa pili: laisini yake ni kama 20, na gramu 300 zenye protini ya gramu 30 zina deni la miligramu 840, linalodai karibu gramu 190 za maharage.

Tena mtama una tatizo la ziada. Protini yake ya akiba, kafirini, hujifunga zaidi ikipikwa kwa maji, hivyo umeng'enyaji wake hushuka badala ya kupanda. Kuuchachusha unga kabla ya kuupika hupunguza hasara hiyo. Ngano iliyokobolewa inakaribia mtama kwa uchache wa laisini, ila protini yake humeng'enywa vizuri sana.

Karanga ni jamii ya kunde. Zinaweza kuchukua nafasi ya maharage?

Kwa nishati na mafuta, ndiyo; kwa laisini, hapana. Kibotania karanga ni ndugu wa maharage, lakini protini yake ina takriban miligramu 36 za laisini kwa gramu, sawa na mchele. Karanga nayo ni mdaiwa, na mdaiwa hawezi kumlipia mdaiwa mwenzake.

Rudia hesabu ya mwanzo kwa gramu 300 za unga wa mahindi na gramu 100 za karanga zenye gramu 25 za protini. Jumla ya protini inapanda hadi 52, zaidi ya ile ya maharage, na kwenye kifungashio ingesomeka vizuri. Laisini, hata hivyo, inaishia miligramu 32 kwa gramu, alama ya asilimia 66. Ninalisisitiza hili kwa sababu uji wa nafaka na karanga husifiwa mara nyingi kana kwamba umekamilika. Ukiongezwa soya au choroko, hali hubadilika, maana soya ina zaidi ya miligramu 60.

Ni lazima viliwe katika mlo mmoja?

Kwa mtu mzima mwenye afya, si lazima. Mwaka 1994 watafiti wa lishe Vernon Young na Peter Pellett walichapisha mapitio yaliyoeleza kwamba kinachozingatiwa ni chakula cha siku nzima, si cha sahani moja. Mwili hauna ghala la kudumu, kama tulivyosema, lakini una bwawa dogo la asidi amino zilizo huru, hasa ndani ya misuli, na laisini ni miongoni mwa zile zinazokaa humo kwa kiasi cha kuonekana. Bwawa hilo linaweza kuvusha mtu kutoka mlo wa mchana hadi wa jioni. Haliwezi kumvusha wiki.

Kwa hiyo anayekula mkate asubuhi na dengu jioni hajapoteza kitu. Aliyepoteza ni yule anayekula nafaka tupu siku sita na maharage mengi siku ya saba.

Na kwa mtoto mdogo?

Hapa masharti hukaza. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3, kiwango cha laisini kilichowekwa mwaka 2013 ni miligramu 57 kwa gramu, kwa kuwa anajenga mwili mpya na si kuutunza uliopo. Mahindi peke yake yanapata alama ya asilimia 49, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu ya protini, ambao kwa mtu mzima ulimaliza deni lote, kwake unafikia 84.

Kwenye karatasi ungeongeza maharage hadi yatoe karibu robo tatu ya protini. Kwenye bakuli mambo ni mengine, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, maharage hushibisha haraka na kujaza gesi, na umeng'enyaji wake bado ni ule wa asilimia 78. Njia iliyo rahisi zaidi ni kuchanganya nafaka na mikunde katika bakuli lilelile, ili kila kijiko kiwe na vyote viwili hata mtoto akikataa nusu, na kuongeza kiasi kidogo cha maziwa, yai au samaki aliyesagwa. Vyakula hivyo vina laisini na salfa kwa pamoja, na kijiko kimoja au viwili hufanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Maganda ya maharage yaondolewe kwa kuyachuja.

Uji nao usiwe mwepesi. Mtoto asiyepata nishati ya kutosha huchoma hata protini iliyo bora, na uwiano mzuri wa asidi amino hautamsaidia.

Upishi unaweza kuharibu faida hii?

Unaweza, kwa njia mbili zinazopingana: moto ukipungua na moto ukizidi.

Maharage mabichi yana vizuizi vya tripsini, ambavyo huzuia kimeng'enya cha tumboni kisivunje protini, na yana lektini, ambayo katika maharage mekundu ni nyingi kiasi cha kumtapisha mtu saa chache tu baada ya kula. Vyote viwili huharibiwa na maji yanayochemka. Yaloweke maharage kwa saa tano au zaidi, umwage maji hayo, uweke mapya, kisha uyachemshe kwa nguvu nusu saa kabla ya kupunguza moto. Hatari iko katika kuyapika tangu mwanzo kwa moto hafifu usiofikisha mchemko: yanaweza kulainika kwa nje huku lektini ikiwa bado ipo. Bonyeza punje kati ya ulimi na kaakaa. Ikiwa katikati kuna kokwa inayogoma, bado.

Moto mkavu uliozidi huharibu kitu kingine. Laisini ina mkono mmoja wa kemikali ulio wazi, na katika joto kavu mkono huo hushikamana na sukari na kutoa ile rangi ya kahawia na harufu tamu ya kuoka. Laisini iliyoshikwa hivyo mwili hauwezi kuitumia. Unga wa soya uliokaangwa hadi ukawa kahawia iliyokolea, au nafaka iliyokaangwa hadi kukaribia kuungua, imepoteza sehemu ya kile hasa tulichokuwa tunakihesabu. Rangi ya dhahabu hafifu inatosha.

Kifungashio kikionyesha gramu za protini, kinaeleza ubora?

Kwa kawaida hapana. Tarakimu hiyo mara nyingi hupatikana kwa kupima nitrojeni na kuizidisha kwa namba maalumu, ambayo kwa vyakula vingi ni 6.25. Kipimo hicho hakijui kama nitrojeni imetoka kwenye laisini au kwenye asidi amino nyingine, wala kama laisini hiyo imekwisha kushikwa na sukari wakati wa kuoka. Soma orodha ya viungo badala yake: nafaka peke yake, au nafaka na karanga tu, ina deni la laisini, vyovyote gramu zitakavyosomeka.

Kuna mahindi yenye laisini zaidi?

Yapo. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walitangaza kwamba mahindi yenye jeni iitwayo opaki-2 yana laisini, pamoja na triptofani ambayo nayo ni mojawapo ya zile tisa, nyingi kuliko ya kawaida, kwa kuwa zeini yake ni kidogo. Punje zake zilikuwa laini, zikishambuliwa na wadudu na kutoa mavuno haba, hivyo wakulima hawakuzipenda. Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano nchini Meksiko, walifanya kazi ya miaka mingi kuirudishia punje ugumu wake bila kupoteza laisini, na mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Protini ya mahindi hayo ina laisini ya karibu miligramu 40 kwa gramu. Deni linashuka kutoka 20 hadi 8, na kwa gramu 300 za unga linamalizwa na karibu gramu 50 za maharage makavu badala ya 123.